Kubanwa na misuli dakika za lala salama: ni uchovu au ni chumvi?

Mechi ilianza saa 10 jioni, ubao unasoma moja kwa moja, na sasa ni dakika ya 82. Beki wa kulia anapanda kwa mara ya mwisho, anamimina krosi, anageuka kurudi nyuma, na hatua ya tatu anakwenda chini huku ameshika kigimbi. Ukimsogelea unaiona nyama imejikusanya fundo chini ya ngozi, inacheza yenyewe, na vidole vya mguu vimeinama kuelekea chini bila yeye kutaka. Winga wa timu pinzani anamkamata kisigino, anaunyoosha mguu, anaisukuma njumu taratibu kuelekea ugoko. Wakati huohuo kutoka benchi anakuja mtu mbio na chupa ya maji na ndizi.

Wote wawili wamekuja kusaidia, lakini kila mmoja amebeba maelezo yake. Winga anautibu mguu kama msuli uliochoka ambao mishipa ya fahamu imekataa kuuachia. Mtu wa benchi anautibu kama msuli uliokauka maji na chumvi. Maelezo haya mawili ndiyo yanayoshindana mpaka leo, na kwa timu ya Dar es Salaam yenye muda mdogo wa mazoezi na fungu dogo la matumizi, ni muhimu kujua lipi lishughulikiwe kwanza. Sisi tunaegemea upande wa winga. Ila wapo wachezaji ambao chumvi inawahusu kwelikweli, na njia ya kuwapata ni mizani ya bafuni, si kubahatisha.

Maelezo ya chumvi: yana nguvu wapi, yanakwama wapi

Maelezo haya yana umri mrefu. Katika miaka ya 1920, wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza waliokuwa wakifanya kazi kwenye mashimo yenye joto kali walikuwa wakibanwa misuli vibaya, na ilionekana kwamba walikuwa wakivuja jasho jingi kisha wakinywa maji matupu kwa wingi. Walipotiliwa chumvi kwenye maji, hali ikawa nafuu. Mantiki yake inaeleweka: jasho linaondoka na maji na sodiamu, majimaji yanayozunguka seli za misuli yanapungua, na miisho ya mishipa ya fahamu inakuwa myepesi kusisimka.

Dar es Salaam inaonekana kama mahali palipoumbwa kwa ajili ya maelezo hayo. Kuanzia Desemba hadi Machi, msimu wa kaskazi, joto la mchana linapita nyuzi 30 na hewa imejaa unyevu. Kwenye hewa ya namna hiyo jasho halikauki mwilini, linadondoka tu. Jasho linalodondoka halipoozi mwili, kwa hiyo mwili unaendelea kulimwaga zaidi. Mchezaji anayekimbia sana anaweza kupoteza zaidi ya lita mbili katika mechi moja.

Tatizo la maelezo haya ni maswali madogo yasiyojibika. Chumvi ikipungua, inapungua kwenye damu, na damu inazunguka mwili mzima. Kwa nini basi msuli unaobana ni kigimbi kimoja cha kulia, na si mikono, tumbo na mguu wa pili? Kwa nini kipa, aliyekaa juani dakika zilezile 82, habanwi karibu kamwe? Na kubwa kuliko yote: winga alipousukuma mguu, fundo lilifunguka ndani ya nusu dakika, ingawa hakuna hata punje ya chumvi iliyoingia mwilini.

Watafiti walijaribu kutenganisha ukavu na uchovu. Waliwatoa watu jasho mpaka wakapungua kama asilimia 3 ya uzito, lakini kwa mazoezi yasiyouchosha msuli uliokuwa ukipimwa, ule mdogo wa wayo unaokunja kidole gumba. Kisha wakaupiga umeme kwa kuongeza kasi kidogokidogo mpaka ubane. Haukuwa mwepesi kubana kuliko kabla ya kukauka. Yaani ukavu peke yake, bila uchovu, haukutosha.

Maelezo ya uchovu

Ndani ya msuli kuna vihisi vinavyopima urefu wake. Vikivutwa vinapeleka ujumbe kwenye uti wa mgongo kusema "kaza". Kwenye kano, pale msuli unapoungana na mfupa, kuna vihisi vingine vinavyopima mvuto, navyo vinapeleka ujumbe wa kinyume: "legeza". Mchezaji akiwa bado ana nguvu, jumbe hizi mbili zinasawazishana. Msuli ukichoka, sauti ya "kaza" inapanda na sauti ya "legeza" inafifia. Uti wa mgongo unabaki unasikia upande mmoja tu.

Halafu kuna jambo la mkao. Msuli unabana kwa urahisi zaidi unapokazwa ukiwa tayari umefupika, kwa sababu kano linakuwa limelegea na vihisi vyake havina cha kuripoti. Mtazame tena yule beki: anapiga krosi huku kidole cha mguu kimeelekezwa chini, anasimamia vidole kugeuka, anasukuma ardhi kwa ncha ya njumu. Kigimbi chake kimefupika na kimekazwa kwa pamoja, kimechoka, na hakuna wa kukiambia kilegee. Ndiyo maana pia wengi wanabanwa usiku kitandani wakijinyoosha huku vidole vimeelekezwa chini, na hapo hakuna jasho lolote.

Hii inaeleza kwa nini ni dakika ya 82 na si ya 20. Inaeleza kwa nini mabeki wa pembeni, mawinga na viungo ndio wanaoanguka. Inaeleza pia jambo ambalo kila kocha wa ndondo amelishuhudia: mchezaji anayefanya mazoezi ya muda wa saa moja tu jioni, tena kwa mwendo wa pole, akiingizwa kwenye mechi ya dakika 90 yenye kasi ya fainali, msuli unaishiwa palepale mazoezi yake yanapoishia. Aliyewahi kubanwa yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kubanwa tena, na vivyo hivyo aliyetoka kwenye majeraha wiki mbili zilizopita.

Mchanga nao unachangia. Viwanja vyetu vingi vya mtaani vina tabaka laini juu. Kisigino kinazama, kigimbi kinafanya kazi ya ziada kila hatua, na nguvu inayorudishwa na ardhi ni kidogo. Timu inayokwenda kukimbia ufukweni Coco siku moja kabla ya mechi ili "kutafuta pumzi" inaingia uwanjani na vigimbi vilivyokwisha kutumika. Mazoezi ya ufukweni ni mazuri, lakini yawe mwanzoni mwa wiki.

Kuyaweka mawili ubavuni

Alama za uwanjani zinatofautiana vya kutosha kukupa dokezo. Mbano wa uchovu unakuja ghafla, kwenye msuli mmoja ambao umefanya kazi sana: kigimbi au nyuma ya paja. Unafunguka ukiunyoosha, na mchezaji akipumzika kidogo anajisikia mzima, ingawa unaweza kurudi akikimbia kasi tena. Mbano wa chumvi mara nyingi unapiga hodi kwanza. Misuli inaanza kuchezacheza yenyewe, kisha inabana hapa, inahamia pale: kigimbi, kisha paja la pili, kisha tumbo au hata vidole vya mikono. Ukiunyoosha mmoja unaanza mwingine. Jezi ya mchezaji wa namna hii ikikauka ina ramani nyeupe za chumvi mgongoni na kwenye kola, na jasho likimwingia machoni linachoma sana.

Kipimo kingine cha bure ni kalenda. Mchezaji anayebanwa Januari lakini hajawahi kubanwa Julai, wakati upepo wa kusi umepooza jiji, chumvi na joto vinamhusu. Anayebanwa dakika zilezile za 80 iwe Januari iwe Julai, achana na chupa zake. Angalia ratiba yake ya mazoezi.

Kisha kuna mizani, ambayo haibahatishi. Tumchukue beki wetu wa kulia mwenye kilo 65. Kabla ya kupasha misuli anakojoa, anabaki na bukta tu, anapima: 65.0. Baada ya mechi anajifuta jasho, anapima tena akiwa na bukta kavu: 63.2. Amepungua kilo 1.8. Katikati amekunywa chupa moja ya nusu lita na hakwenda haja. Jasho lake basi ni 1.8 jumlisha 0.5, yaani lita 2.3. Upungufu uliobaki mwilini, kilo 1.8 kati ya 65, ni karibu asilimia 2.8. Mstari unaotumika sana na wataalamu wa michezo ni asilimia 2, kwa hiyo amevuka.

Na chumvi je? Lita moja ya jasho la mtu wa kawaida ina takriban gramu moja ya sodiamu, ingawa wapo wenye nusu ya hiyo na wapo wenye karibu mara mbili. Kwa lita 2.3 tunazungumzia gramu 2.3 za sodiamu, ambayo ni sawa na gramu 6 za chumvi ya mezani: kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Mwenye ramani nyeupe kwenye jezi anaweza kuwa amepoteza karibu vijiko viwili.

Rudia upimaji huu mechi mbili au tatu. Mchezaji anayebanwa ilhali amepungua chini ya asilimia 2 na jezi yake haina ramani, muweke kundi la uchovu bila kusita. Aliyepungua asilimia 3 na jezi imeandikwa chumvi, mtibu kwa njia zote mbili. Hakuna sababu ya kumtibu kwa chumvi pekee, maana hata yeye msuli wake ulibana dakika ya 82, si ya 15.

Ameanguka: umpe nini?

Hapa ushindani ni kati ya vitu vinne vinavyoonekana kila Jumapili: kunyoosha, maji, ndizi na kitu kikali cha mdomoni. Kunyoosha kunashinda kwa mbali, ila kuna namna ya kukufanya.

Kwa kigimbi, mlaze chali au mkalishe, goti linyooke kabisa, shika kisigino kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili sukuma nusu ya mbele ya wayo kuelekea ugoko. Sukuma polepole mpaka usikie mvuto, kisha kaa hapohapo sekunde 20 hadi 30. Mwambie naye ajaribu kuvivuta vidole vyake kwake, kwa kuwa msuli wa mbele ya ugoko ukikaza, wa nyuma unaambiwa ulegee. Unachofanya ni kulivuta kano ili vihisi vyake vianze tena kusema "legeza". Kosa la kawaida ni kusukuma kwa kishindo au kudundisha mguu: mvuto wa ghafla unaviamsha vile vihisi vya "kaza" na fundo linakaza zaidi. Kosa la pili ni kulikunja goti, ambalo linauachia sehemu kubwa ya msuli ulegee bila kuvutwa. Kwa nyuma ya paja, mlaze chali, inua mguu ukiwa umekunjwa, kisha unyooshe goti taratibu. Kulikanda fundo kwa nguvu likiwa bado limekaza hakusaidii. Kanda kwa upole likishafunguka.

Maji hayawezi kufungua mbano uliopo. Yanahitaji kufika utumbo na kuingia kwenye damu, na hilo ni suala la dakika nyingi, si sekunde. Mpe kwa sababu ana kiu, basi.

Ndizi ndiyo inayopewa sifa isiyo yake. Inasifiwa kwa potasiamu, lakini jasho linabeba potasiamu kidogo sana ukilinganisha na sodiamu. Tena, walipopimwa damu watu waliokula ndizi baada ya mazoezi, potasiamu ilipanda kidogo tu, na ilichukua nusu saa hadi saa nzima. Mechi imekwisha. Ndizi ni chakula kizuri cha saa mbili kabla ya kipenga, kwa ajili ya wanga wake. Ikiletwa dakika ya 82 inafaa kumpa mchezaji kisingizio cha kupumua, jambo ambalo, tukubali, wakati mwingine ndilo lililokusudiwa.

Kitu kikali cha mdomoni kina ushahidi wa kushangaza. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio ambamo watu waliobanishwa msuli kwa umeme walipewa maji ya matango yaliyochachuliwa kwa siki na chumvi, mililita moja kwa kila kilo ya mwili. Mbano uliisha kwa wastani wa sekunde 85, wakati waliopewa maji ulichukua kama sekunde 134. Ni haraka mno kwa chumvi kufika kwenye msuli, na damu yao haikuonyesha mabadiliko. Inaelekea ukali wa siki unavigusa vihisi vya mdomoni na kooni, navyo vinapeleka ujumbe unaozitulizia seli za uti wa mgongo. Kwa hapa kwetu, siki iliyoachwa kwenye achari huenda ikafanya kazi ya namna hiyohiyo. Kwa beki wa kilo 65 ni mililita 65, kama kikombe kidogo cha kahawa ya kijiweni kilichojaa. Chuja mafuta na pilipili, kisha ajaribu mazoezini kwanza, kwa sababu wapo wanaotapika. Na hata hivyo siki ni msaidizi wa kunyoosha, haishiki nafasi yake.

Dawa ya kupuliza inapooza ngozi na kupunguza kuhisi maumivu. Kwenye fundo lenyewe haina inachobadilisha.

Kuna hali tatu zinazofanana na mbano lakini si mbano, na hapo kunyoosha kunaweza kuchelewesha msaada. Ya kwanza ni msuli uliochanika: maumivu yana ncha sehemu moja, mchezaji alisikia kama amepigwa jiwe, na ukinyoosha yanazidi badala ya kupungua. Acha kunyoosha, weka barafu, mtoe. Ya pili ni mchezaji mwenye chembechembe za selimundu upande mmoja tu wa wazazi, ambao hapa Tanzania ni wengi na wengi wao hawajijui. Yeye analegea na kuketi chini akilalamika miguu imekufa, mara nyingi mapema, baada ya mbio mfululizo, na ukiishika misuli yake ni laini, haina fundo. Huyo anapumzishwa hapohapo, anapelekwa kivulini, anapozwa na kufikishwa hospitali asipopata nafuu upesi. Ya tatu ni mchezaji anayebanwa mwili mzima huku anaongea vitu visivyoeleweka au anayumba: hilo ni joto limepanda mwilini. Mmwagie maji mengi ya baridi palepale uwanjani huku usafiri wa hospitali ukitafutwa.

Kabla ya mechi: nguvu uiweke wapi?

Kama mchezaji ana nafasi ya kubadilisha jambo moja tu, abadilishe mazoezi. Kigimbi kinachobana dakika ya 82 hakijawahi kuzoezwa kukaza kikiwa kimechoka. Dawa yake ni kukichosha makusudi, kidogokidogo, mwishoni mwa mazoezi na si mwanzoni.

Tafuta ngazi. Simama kwa nusu ya mbele ya mguu mmoja, kisigino kikining'inia nje ya kidato, shika ukuta. Panda kwa vidole mpaka juu, shuka polepole ukihesabu tatu, kisigino kipite chini ya kidato. Mara 12 kila mguu, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Ikishakuwa rahisi, beba mkoba mgongoni wenye chupa za maji. Sehemu ya kushuka ndiyo yenye faida, na ndiyo wachezaji wanayoiruka kwa kujiangusha. Kwa nyuma ya paja, piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha ujiachie kwenda mbele polepole mwili ukiwa umenyooka, ukijizuia kwa nyuma ya mapaja mpaka mikono ikudake. Anza na mara tano, mizunguko miwili. Kesho yake utatembea kama umepanda baiskeli kutoka Kibaha, kwa hiyo usilianze wiki yenye mechi ngumu.

Juu ya hayo, mara mbili kwa wiki, baada ya mazoezi ya kawaida kwisha na watu wanataka kwenda nyumbani, piga mbio sita za mita 30 kwa kasi ya mechi, pumziko la sekunde 30 katikati. Ongeza mbio moja kila wiki mpaka zifike kumi. Punguza siku mbili kabla ya mechi. Mchezaji anayeshinda amesimama kwenye duka Kariakoo au juu ya bodaboda mchana kutwa ana uchovu ambao kocha hauoni kwenye daftari. Siku ya mechi apewe angalau saa mbili za kukaa chini.

Kunyoosha misuli dakika tano kabla ya mechi kunapendwa kwa sababu ni rahisi, lakini hakuna kinachokizuia kigimbi kuchoka dakika 80 baadaye. Pasha misuli vizuri, kisha mapumziko yakifika ndiyo unyooshe vigimbi sekunde 30 kila upande.

Upande wa kinywaji unamhusu zaidi yule wa mizani. Beki wetu anapoteza lita 2.3. Akitaka kubaki ndani ya asilimia 2, anaruhusiwa kupungukiwa kilo 1.3, kwa hiyo lazima lita moja iingie kati ya kupasha misuli na filimbi ya mwisho, badala ya ile nusu lita. Aigawe hivi: mililita 300 wakati wa kupasha misuli, 400 mapumziko, na 300 kwa mafunda mafunda mpira ukisimama. Saa 6 mchana anywe kama mililita 400 pamoja na chakula chenye chumvi ya kawaida, ili figo zipate muda wa kutoa ziada kabla ya saa 10.

Ndani ya chupa kuwe na nini? Maji matupu ndiyo chaguo baya zaidi kwa mtu huyu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, wanaume kumi walikimbia kwenye joto la nyuzi 35 hivi mpaka wakapoteza asilimia 2 ya uzito. Walipokunywa maji matupu, vigimbi vyao vikawa vyepesi zaidi kubana kuliko kabla. Walipokunywa maji yenye chumvi na sukari ya mfano wa ORS, vikawa vigumu kubana. Wale wachimbaji wa makaa walikuwa na hoja.

Pakiti ya ORS ya duka la dawa, gramu 20.5 kwa lita moja, inatoa karibu gramu 1.7 za sodiamu. Usiikoroge kwenye nusu lita ili "iwe kali". Itavuta maji kuingia tumboni na kuleta kuharisha. Ukiikosa, lita moja ya maji salama, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari, vyote vimesawazishwa, na kamulia ndimu kwa ladha. Dafu ni kinywaji kitamu na lina potasiamu tele, lakini sodiamu yake ni ndogo kuliko anayohitaji mwenye jasho la chumvi. Linamfaa baada ya mechi, pamoja na chipsi au mihogo yenye chumvi. Mwenye shinikizo la damu asijiongezee chumvi bila kumuuliza daktari. Na yeyote anayeshuka kwenye mizani baada ya mechi akiwa mzito kuliko alivyoingia amekunywa kupita kiasi. Hiyo ni hatari zaidi ya kubanwa: kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa.

Mfungo wa Ramadhani unabadilisha hesabu, kwa sababu anayecheza saa 10 jioni hana chupa ya kugawa. Kwake chumvi na maji vinawekwa daku, na dakika za kucheza zinapunguzwa.

Baada ya wiki sita, mpime tena beki kwa mizani na kwa saa. Kama uzito umebaki ndani ya asilimia 2 na bado anaanguka dakika ya 82, chupa imefanya kazi yake na tatizo liko kwenye miguu: ongeza mizigo ya ngazi, na kwa sasa mtoe dakika ya 75. Ukimwona anasimama kila mpira ukitoka, anatikisa mguu, anagusa vidole vyake vya miguu, usisubiri. Hiyo misuli inayochezacheza chini ya soksi inatangulia mbano kwa dakika chache tu, na ukimruhusu apande tena kupiga krosi, nafasi ya kubadilisha utaitumia huku timu ina watu kumi.